Jumla inayoruka mistari, na namba iliyokalia kiti cha fomula

Shangazi yangu ana vyumba vya kupangisha Kisauni, na hesabu zake nazifanya mimi kwenye Excel kila mwanzo wa mwezi. Aprili ilipoingia nilimpelekea karatasi ya Machi, chini kabisa imeandikwa jumla: Sh 119,000. Akavaa miwani, akatazama simu, akatazama karatasi, akarudia tena kwenye simu. "Mwanangu," akasema, "kwenye M-Pesa zimeingia 134,650. Hizi zilizozidi zatoka wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la pesa kupungua. La kuzidi sikuwa na jibu lake. Nikaichukua karatasi yangu nikarudi nayo nyumbani, na usiku ule nikakuta makosa mawili ndani ya jedwali moja. La kwanza ndilo alilolishika shangazi. La pili lisingeshikika kwa kulinganisha karatasi na simu, hata tungelinganisha miaka kumi. Makosa haya mawili hujificha kwa namna tofauti, kwa hiyo hata kuyatafuta ni kwa namna tofauti.

Jedwali lenyewe ni la kawaida sana. Mstari wa 1 una vichwa. Safu A ni namba ya nyumba, B ni kodi, C ni mita ya maji ya mwezi uliopita, D ni mita ya sasa, E ni yuniti zilizotumika, F ni pesa ya maji kwa Sh 150 kila yuniti, na G ni jumla ya mpangaji. Kwa hiyo nyumba namba 7, iliyo mstari wa 8, kodi yake ni 6,500, mita imetoka 412 ikafika 419, yuniti 7, maji 1,050, jumla 7,550. Hizo safu tatu za mwisho hazichapwi, zinahesabiwa:

```
E8:  =D8-C8
F8:  =E8*150
G8:  =B8+F8
```

Vyumba vilikuwa 16, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 17, na jumla ilikaa mstari wa 18. Machi wakaingia wapangaji wa vyumba viwili vipya vya uani, vya kodi ya 7,000. Nikaingiza mistari miwili juu ya jumla, nikabandika fomula, nikajaza namba. Jumla ikasukumwa hadi mstari wa 20. Nilipokuja kuitazama usiku ule, ndani yake mlikuwa na hivi:

```
=SUM(G2:G17)
```

Excel hupanua eneo la kujumlisha pale unapoingiza mstari katikati ya eneo hilo. Ukiingiza kati ya mstari wa 9 na wa 10, G17 inageuka G18 yenyewe. Lakini mimi niliingiza chini ya mstari wa mwisho, yaani nje ya eneo, na kwa Excel mstari huo ni jirani tu, si mtu wa nyumbani. Kuna nyakati inajitahidi: ukichapa namba kwenye mstari mpya ulioshikana na orodha, huenda ikaivuta fomula ya jumla ikufuate. Ukibandika, huenda isiivute. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu mwezi uliopita ilijirekebisha yenyewe na mwezi huu wakadhani itafanya vilevile.

Vyumba viwili vile, kimoja kilikuwa na deni la 7,750 na kingine 7,900. Jumlisha, unapata 15,650, ambayo ndiyo tofauti ile ile ya simu ya shangazi. Wapangaji walilipa sawasawa, kwa sababu kila mmoja alipelekewa namba ya mstari wake. Ni jumla peke yake iliyokuwa haiwajui.

Kuona kosa hili ukishalishuku ni kazi ya sekunde chache. Simama kwenye kisanduku cha jumla, bonyeza F2. Excel inachora fremu ya rangi kuzunguka visanduku vinavyojumlishwa, na ukiona fremu inakatika kabla orodha haijaisha, umelipata. Njia nyingine ni kuburuta kipanya kutoka G2 hadi G19 bila kuandika chochote, kisha kutazama ukingo wa chini wa dirisha panapoandikwa Sum. Kama pale chini pana 134,650 na kisanduku chako kinasema 119,000, mmoja wao hajahesabu wote.

Wakati mwingine Excel hukuonya yenyewe kwa kipembe kidogo cha kijani kwenye kona ya kisanduku, na ukikigusa kinasema Formula Omits Adjacent Cells, kwamba fomula imeacha visanduku vya jirani. Tatizo ni kwamba kipembe hicho hutokea pia mahali pasipo na kosa. Andika mwaka, tuseme 2024, juu ya safu ya namba na usiujumlishe: kipembe kinaweza kuja kukulaumu. Basi mtu anazoea kubonyeza Ignore Error, na siku ya kosa la kweli anabonyeza hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimekizima zamani, na sikumbuki hata kwa nini.

Walioshikwa na kosa hili ni wengi, wala si sisi tu wa vyumba vya Kisauni. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa na wanasiasa wa nchi nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alilipata faili lao la Excel na kukuta fomula ya wastani inakusanya mistari ya 30 hadi 44, wakati orodha ya nchi ilifika mstari wa 49. Nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa zimeachwa nje. Kwa haki ya wenyewe, kosa hilo la fomula lilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti iliyobishaniwa. Mzozo mkubwa ulihusu namna walivyochagua data na kuipa uzito. Lakini mistari mitano iliyorukwa ndiyo watu wanaoikumbuka, kwa sababu kila aliyewahi kufungua Excel aliielewa papo hapo.

Eneo laweza pia kukatika katikati, si mwishoni tu. Ukikuta `=SUM(G2:G9,G11:G19)`, mkato ule wa kati una habari yake: huenda mtu aliitoa nyumba namba 9 makusudi mwezi ikiwa tupu, akasahau kuirudisha. Na kuna kuruka kusikoonekana hata kwenye fremu ya rangi. Namba iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu inaweza kuingia kama maandishi, pengine kwa sababu ya nafasi iliyofichika ndani yake, na SUM hupita juu ya maandishi kimyakimya bila kulalamika. Eneo liko sawa, mstari umo, pesa haimo. Hapo uulize idadi badala ya kiasi:

```
=COUNT(B2:B19)
=COUNTA(A2:A19)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyenye namba za kweli, ya pili inahesabu visivyo vitupu. Nina milango 18. Ya pili ikisema 18 na ya kwanza 17, kuna kodi moja iliyoandikwa kama neno.

Basi nikaibadilisha fomula ya jumla ifike G19, ikaniletea 134,650, sawa na simu ya shangazi hadi shilingi ya mwisho. Nilikuwa tayari kufunga kompyuta nilale. Kilichonizuia ni aibu tu. Nilitaka kesho yake nimwonyeshe kwamba nimehakiki, kwa hiyo nikaandika pembeni hesabu ya pili inayofika palepale kwa njia nyingine: kodi zote, jumlisha yuniti zote mara 150, toa jumla yangu.

```
=SUM(B2:B19)+SUM(E2:E19)*150-G20
```

Jibu lilipaswa kuwa sifuri. Kodi zilikuwa 118,000, yuniti 118, maana yake maji 17,700, na zote pamoja 135,700. Kisanduku kikaonyesha 1,050.

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho, na haikuwa kaskazi. Karatasi na simu zilikubaliana kabisa, na bado shilingi 1,050 zilikosekana katika vyote viwili. Ila namba yenyewe ilikuwa na dalili ndani yake: ukigawa 1,050 kwa 150 unapata 7 kamili. Kosa lilikuwa kwenye maji, tena la yuniti 7.

Nikashuka safu F kisanduku kimoja kimoja, nikitazama upau wa fomula kule juu. F9, fomula. F10, fomula. F11, nyumba namba 10: pameandikwa 600. Si fomula inayoleta 600, ni 600 yenyewe.

Nikakumbuka. Januari mita ya nyumba ile iliharibika. Tukakubaliana na mpangaji alipe yuniti 4 za makisio, nami nikachapa 600 juu ya fomula, nikijiambia nitairudisha. Februari mita ikatengenezwa. Lakini karatasi ya Februari niliitengeneza kwa kunakili ya Januari, na ya Machi kwa kunakili ya Februari, kama kila mtu afanyavyo. Ile 600 ikarithiwa. Machi nyumba ile ilitumia yuniti 11, za Sh 1,650, ikatozwa 600.

Hii ndiyo sababu shangazi asingeweza kuliona. Mstari ulioachwa na jumla hugunduliwa na ulimwengu wa nje: pesa zimekuja, karatasi haizijui. Namba iliyochapwa juu ya fomula iko mbali zaidi huko juu, ndiyo inayomwambia mpangaji alipe kiasi gani. Yeye analipa alichoambiwa, simu inapokea alicholipa, karatasi inakubaliana na simu. Ushahidi wote umetoka chanzo kimoja kilichokosea. Kwa kosa la namna hii, kulinganisha na benki au simu hakukusaidii. Lazima uifungue fomula yenyewe, au uihesabu upya kutoka kwenye kitu ambacho ile namba haikukigusa. Kwangu kitu hicho kilikuwa mita.

Kushuka kisanduku kimoja kimoja kunafaa kwa mistari 18. Kwa mistari 800 macho yanachoka, na Excel ina njia yake. Chagua F2 hadi F19 tu, kisha fungua Home, Find & Select, Go To Special, weka alama kwenye Constants, ubonyeze OK. Kila kisanduku chenye kitu kilichochapwa kitachaguliwa kwa mkupuo. Chagua kwanza safu inayostahili kuwa fomula tupu. Ukisimama kwenye kisanduku kimoja tu, Excel itapekua karatasi nzima na kukuletea kodi na mita zote, ambazo zimechapwa kwa haki. Ikijibu No cells were found, safu yako haina namba ya kuchapwa. Anayetumia LibreOffice ana bahati zaidi: Ctrl+F8 huzipaka namba zilizochapwa rangi ya buluu na fomula rangi ya kijani.

Lakini njia hii hutegwa kirahisi. Tuseme ningeandika `=600` badala ya 600. Mbele ya Excel hiyo ni fomula, ina alama ya sawasawa, na Constants isingeiona. Hata `ISFORMULA`, ambayo watu wengi huitumia kwa kazi hii, ingejibu TRUE. Vilevile `=E11*150-1050`, ile ya mtu anayeipunguza hesabu hadi ifanane na anachokitaka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni je, fomula ya mstari huu ni ileile ya wenzake?

Kwa macho swali hilo ni gumu, kwa sababu `=E10*150` na `=E11*150` zinaonekana tofauti wakati maana yake ni moja: chukua cha kushotoni kwangu, zidisha mara 150. Excel ina namna ya kuandika inayoonyesha maana hiyo. Nenda File, Options, Formulas, uweke alama kwenye R1C1 reference style, kisha ubonyeze Ctrl na ile alama ya ` iliyo chini ya Esc ili fomula zionekane badala ya majibu. Safu F yote itasomeka hivi kuanzia juu hadi chini, neno kwa neno:

```
=RC[-1]*150
```

R ni mstari, C ni safu, na -1 ni hatua moja kushoto. Safu nzima inakuwa kama shanga za rangi moja, na ile tofauti inajitokeza bila kutafutwa. Uzuri ni kwamba hata jumla inakiri makosa yake. Ile fomula yangu mbovu katika mstari wa 20 ilisomeka hivi:

```
=SUM(R[-18]C:R[-3]C)
```

Ilianza mistari 18 juu yake, ikaishia mistari mitatu juu yake. Mitatu, si mmoja. Katika jumla iliyokaa chini ya orodha yake bila nafasi, unatarajia kuona R[-1]. Ukiona namba nyingine, uliza mistari ya katikati ni ya nani.

Ukitaka Excel ikulinganishie yenyewe, chagua tena F2 hadi F19 ukianzia juu, rudi Go To Special, na safari hii weka alama kwenye Column differences. Itakuchagulia kila kisanduku kisicholingana na cha kwanza, iwe ni 600, iwe ni `=600`, iwe ni fomula iliyochezewa. Ikikuchagulia karibu safu nzima, usiogope: huenda mbovu ni hicho cha kwanza.

Kwenye Google Sheets njia hiyo haipo, nami hutumia safu ya pembeni yenye fomula hii:

```
=SUBSTITUTE(FORMULATEXT(F2),ROW(),"#")
```

Inaandika fomula kama maandishi na kuifuta namba ya mstari, hivyo kila mstari unapaswa kusoma `=E#*150`, na kisanduku kilichochapwa kinaleta #N/A. Mara ya kwanza ilinitisha bure kwenye mistari ya 5 na 15. Kumbe ndani ya 150 mna 15 na mna 5, nazo zikafutwa pamoja. Dawa ni kuweka bei ya maji kwenye kisanduku chake, tuseme J1, na fomula iwe `=E2*$J$1`. Ni jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani kwa sababu nyingine, kwani bei ikipanda nabadilisha mahali pamoja.

Ukishaipata namba iliyochapwa, usikimbilie kuburuta fomula juu yake. Nyingine zina haki ya kuwa pale, kama 600 yangu ilivyokuwa na haki Januari. Ukizifuta bila kuuliza, unageuza makubaliano ya watu kuwa deni. Mimi nimeongeza safu H, nikaiita Makisio, na F sasa inasoma hivi:

```
=IF(H11="",E11*$J$1,H11)
```

H ikiwa tupu, mita inahesabiwa. Ikiwa na namba, namba hiyo inatumika, nami naandika sababu na mwezi safu I. Ninaponakili karatasi ya mwezi mpya nazifuta H na I zote, na mwenye mita mbovu anaingizwa upya kwa mkono. Kwa upande wa jumla nimeacha mstari mtupu mwembamba juu yake, niliopaka rangi ya kijivu, na jumla inaufikia: sasa ni mstari wa 20, na jumla iliyoko mstari wa 21 ni `=SUM(G2:G20)`. Mpangaji mpya akija naingiza juu ya kijivu, yaani ndani ya eneo, na linapanuka lenyewe. Ile hesabu ya kuleta sifuri nimeiacha pembeni, maeneo yake nayo yakifika kwenye kijivu, la sivyo ingeruka mistari ileile na kuniambia kila kitu ni sawa.

Kesho yake nikamweleza shangazi. Februari nyumba namba 10 ilitumia yuniti 9, ikatozwa nne, pungufu 750. Machi pungufu 1,050. Jumla 1,800. Nikamuuliza nimdai mpangaji au vipi.

"Yeye alilipa alichoambiwa," akasema. "Umdai nini?"

Mwisho wa mwezi akanipa ujira wangu kwenye bahasha kama kawaida. Nikauhesabu njiani ndani ya matatu, nikauhesabu tena nyumbani. Ulikuwa pungufu 1,800.